Nibadili namba humohumo WhatsApp au nifute akaunti nianze upya?

#1 MamaVitenge
Habari za jioni wakuu. Nauza vitenge Kariakoo na wateja wangu karibu wote wako WhatsApp. Laini ninayotumia ilisajiliwa zamani kwa jina la kijana aliyekuwa ananisaidia dukani, sasa ameshaondoka, juzi kapiga *106# kuangalia laini zake akaikuta na hii, anataka aifunge. Sibishani naye, ni haki yake, na mimi nimeshasajili laini mpya kwa NIDA yangu mwenyewe. Kazi iko kwenye WhatsApp. Mdogo wangu anasema nifute akaunti nianze upya na namba mpya, ndiyo safi. Shoga yangu anasema kuna sehemu humohumo ndani ya kubadili namba. Nina grupu la kikoba ambalo mimi ndiye mweka hazina, nina grupu la wateja ambalo admini ni mimi peke yangu, na chati zangu zimejaa oda na picha za malipo ya watu, sitaki kupoteza hata moja. Simu nabaki nayo hiihii. Nifanye lipi?

#2 JumaMbagala
Futa dada, usijisumbue. Unafuta akaunti, unaweka namba mpya, inakuuliza kama unataka kurudisha bakapu ya Google, unakubali, chati zote zinarudi. Dakika kumi umemaliza.

#3 MzeeKiberenge
Kwani lazima ubadili namba mwanangu? Tanzania tangu 2017 unahama mtandao na namba yako ileile, nenda dukani kwa mtandao unaoutaka uwaambie unahama, namba inabaki na WhatsApp haiguswi kabisa. Mimi nimefanya hivyo na hakuna aliyejua.

#4 MamaVitenge
Shikamoo mzee wangu, ila sihami mtandao. Namba yenyewe siyo yangu kwa usajili, mwenye jina anaitaka ifungwe.

#5 FundiKava
MamaVitenge usifuate #2, utalia. Juma hapo kuna vitu viwili umevichanganya. Bakapu ya Google imefungwa na namba ya simu pamoja na akaunti ya Google, yaani ukiingia na namba tofauti haikuletei bakapu ya namba ya zamani. Na hata hiyo isingekuwepo, ukurasa wa kufuta akaunti wenyewe umeandika wazi kwamba ukibonyeza unafuta akaunti, historia ya meseji zako, unatolewa kwenye magrupu yote na bakapu yako ya Google nayo inafutwa. Sasa utarudisha nini wakati ulichotaka kurudisha ndicho ulichofuta? Tena ukitazama vizuri ukurasa huohuo kuna kitufe kinachokuuliza kama hutaki kubadili namba badala yake, maana watu wengi wanaingia pale wakidhani ndiyo njia ya kubadili.

Njia yako ni Settings, halafu Account, halafu Change number. Kabla hujagusa hakikisha laini mpya iko hewani na inapokea meseji, maana kodi ya tarakimu 6 inakuja kwenye namba MPYA, siyo ya zamani. Unajaza ya zamani juu na mpya chini, zote ukianza na 255 bila ile sifuri ya mbele. Chati zinabaki palepale kwenye simu kwa sababu hujahama simu, magrupu yanahamia namba mpya na uadmini wako ukiwa vilevile, jina na picha ya profaili pia. Namba ya zamani inafutwa yenyewe WhatsApp, hauhitaji kwenda kuifuta tena.

#6 JumaMbagala
Mimi bakapu ilinirudishia kila kitu nilipopoteza simu, sasa unaniambiaje haifanyi kazi?

#7 FundiKava
Ulipopoteza simu uliswapu laini ukabaki na namba ileile, sivyo? Ndiyo maana ilirudi. Na hukufuta akaunti, ulipoteza simu tu, akaunti yako ilikuwepo muda wote.

#8 JumaMbagala
Namba ilikuwa ileile, hapo sawa.

#9 BintiPwani
Niko Mombasa nauza madera na abaya, nilibadili namba kwa hiyo Change number na yote aliyosema Fundi ni kweli, magrupu yalibaki na chati zilibaki. Lakini dada mfanyabiashara mwenzangu kuna jambo hakuna anayekwambia. Stetasi. Nilikuwa naweka mzigo mpya stetasi na asubuhi nakuta watu kibao wameshaona, siku ya kwanza na namba mpya walioona ni dada zangu na mashoga wawili watatu. Nikadhani simu imeharibika. Kumbe stetasi yako haimfikii mtu mpaka yeye awe amekuseivu na wewe uwe umemseivu, na wateja waliseivu ile namba ya zamani. Brodikasti hivyohivyo, unatuma kwenye orodha yako ya wateja na wewe unaona imekwenda lakini asiyekuwa na namba yako mpya kwenye simu yake haimfikii. Kwa hiyo akaunti inahama, lakini vitabu vya simu vya watu havihami.

#10 MamaVitenge
Loh, hili la stetasi sikulijua kabisa na mimi mzigo wote naweka stetasi. Sasa hiyo meseji ya kuwajulisha watu si inaseivu namba yenyewe?

#11 BintiPwani
Haiseivu mamii. Inamtokea kwenye chati yenu maandishi madogo katikati kwamba fulani amebadili namba, bonyeza kumwandikia au kuongeza namba mpya. Anayebonyeza kuongeza ndiye amekuseivu. Wengi wanasoma wanapita.

#12 MtuWaMaskati
Mimi naona wote mnajitesa. Niko Maskati mwaka wa kadhaa sasa, simu ina laini ya Oman na WhatsApp yangu bado iko na namba ya Tanzania, sijabadili wala sijafuta. WhatsApp haiangalii laini iliyomo ndani ya simu, inahitaji laini siku ya kuthibitisha tu. Dada acha jamaa afunge laini yake na wewe uendelee na WhatsApp kama kawaida, nani atakusumbua?

#13 KipwaEldy
@MtuWaMaskati hapo ndio watu hukosea, wacha nikupe stori ya upande wa pili. Nilinunua laini mpya hapa Eldoret, nikaweka WhatsApp, kabla sijaandikia mtu hata mmoja nikajikuta ndani ya grupu la kwaya na lingine la mazishi ya mzee nisiyemjua. Watu wananisalimia Mwalimu, wananiuliza mazoezi ni saa ngapi, mmoja akanitumia mchango wa sare. Ile namba ilikuwa ya mtu mwingine, akaiacha ikafungwa, kampuni ikaiuza tena, na yeye hakubadili WhatsApp wala hakufuta. Nilikaa naeleza watu kwamba mimi sio mwalimu wao na wengine hawakuamini hadi nikawatumia voisi.

#14 MzeeKiberenge
Voisi ya kuimba au ya kuongea?

#15 KipwaEldy
Ya kuongea mzee, ningeimba wangejua mapema zaidi kwamba sio mwalimu 😂

#16 FundiKava
Kisa cha #13 ndicho jibu la #12. MtuWaMaskati uko sawa kwamba apu inaendelea kufanya kazi hata laini ikiwa haipo kwenye simu. Ila unaitumia namba ambayo siku yoyote inaweza kugawiwa mtu mwingine, na siku huyo mtu akiiweka WhatsApp na kupokea kodi, wewe huko Maskati unatolewa, simu inakuandikia kwamba namba hii haijasajiliwa tena kwenye simu yako. Hapo huwezi tena kubadili namba, kwa sababu Change number inataka namba ya zamani iwe bado imethibitishwa kwenye hiyo simu uliyoshika, na kodi ya kuithibitisha sasa inakwenda kwa mwingine. Mlango unafungwa hapo.

MamaVitenge hiki ndicho kikubwa kwako. Laini ya zamani hata ikifungwa leo bado unaweza kubadili kesho, maana kodi hutumwa kwa mpya. Ila usikae nayo miezi ukidhani una muda. Fanya wakati bado WhatsApp iko wazi kwenye simu yako. Na usijaribu kuifuta apu na kuiweka tena kabla hujabadili, maana ukiiweka upya itakuomba uthibitishe namba, na laini ndiyo hiyo imefungwa.

#17 MtuWaMaskati
Mimi nimeweka pini ya hatua mbili, hata akipata kodi hajui pini.

#18 FundiKava
Pini nzuri, iweke na baruapepe yake kabisa. Ila inamchelewesha tu, asiyeijua pini anasubiri mpaka siku 7 halafu anaweza kuingia bila hiyo. Na kule kuthibitisha kwake kwa kodi tayari kumeshakutoa wewe. Chati zako hazioni, hizo ziko kwenye simu yako, lakini namba imekwenda.

#19 MtuWaMaskati
Laini yangu naiwekea salio kila nikikumbuka, haitafungwa.

#20 DadaWaMwanza
Naomba nitoe sauti tofauti kidogo maana uzi mzima unasema badili badili badili. Inategemea unamkimbia nani. Mimi nilikuwa na mtu ananisumbua, meseji usiku na mchana, nikimbloku anatumia namba nyingine. Ningetumia Change number ningempelekea namba mpya mkononi, kwa sababu tulikuwa magrupu mawili pamoja na magrupu yanatangaziwa yote kwamba fulani amebadili namba, hata ukichagua usimjulishe mtu yeyote. Nikafuta akaunti. Ndiyo nilipoteza chati, lakini zile muhimu nilizitoa kwanza moja moja kwa Export chat nikajitumia kwenye baruapepe, zikiwa na picha za vitisho vyake ambazo baadaye nilizihitaji polisi. Kisha nikaanza na namba mpya na kuwapa watu niliowataka.

#21 FundiKava
Hapo DadaWaMwanza umesema kweli tupu, kwa hali yako kufuta kulikuwa sahihi. Pole sana.

#22 BintiPwani
Pole mwaya. Lakini si ungeweza kutoka kwanza kwenye yale magrupu mawili halafu ukabadili namba, pale kwenye kujulisha ukachagua Custom ukaweka watu wako tu? Asiyejulishwa na hamko grupu moja atajuaje?

#23 DadaWaMwanza
Labda. Lakini watu wetu unawajua? Ungebaki kwenye grupu la ukoo, shangazi angeona namba mpya akaitoa kwa yeyote anayeomba. Nilitaka hata magrupu yenyewe yasiwe na mstari unaounganisha namba ya zamani na mpya. Na kuna rafiki aliyeniambia yeye alibadili bila kumjulisha mtu na bado mtu wake wa zamani alijua, sijui kwa njia gani.

#24 KipwaEldy
Huyo aliambiwa na mtu. Ama walikuwa na grupu moja walisahau.

#25 DadaWaMwanza
Yeye anaapa hawakuwa na grupu. Mimi siwezi kumsemea, nilichojua ni kwamba siwezi kubahatisha.

#26 FundiKava
Nyongeza tu kwa anayefuta kwa sababu za usalama. Kufuta kwako hakugusi simu za wengine, meseji ulizowatumia watu zinabaki kwao kama zilivyo. Na kwenye seva data yako inaweza kuchukua mpaka siku 90 kuondoka. Na kama wewe ni admini peke yako kwenye grupu, ukiondoka WhatsApp inamteua mwanachama mmoja tu yeyote kuwa admini, kwa hiyo mpe uadmini unayemwamini kabla hujafuta. Hebu fikiria grupu la kikoba linaangukia mikononi mwa mtu aliyeingia wiki jana.

#27 MzeeKiberenge
Kikoba chetu admini ni mtu asiyejua hata kufungua picha na tunaendelea vizuri tu.

#28 MamaVitenge
Nimerudi wakuu. Nimefanya asubuhi hii kabla ya kufungua duka. Nieleze ilivyokuwa kwa wengine watakaokuja. Kwanza nilichukua bakapu ingawa simu ni ileile, kwa usalama tu. Nikaingia Change number, ikanipa maelezo, nikaendelea, nikajaza namba zote mbili. Hapo pa namba mpya niliweka na sifuri ikakataa nikakumbuka maneno ya Fundi, nikaiondoa ikakubali. Ikaniuliza nijulishe watu, kuna wote, kuna wale niliochati nao tu, na kuna kuchagua mwenyewe. Nikachagua niliochati nao maana kwenye simu nina mpaka namba za madalali wa nyumba wa zamani. Kodi ikaja kwenye laini mpya, nikaingiza, kwisha. Chati zote zipo, nimekwenda kutafuta oda ya mama mmoja wa Dodoma ya mwezi uliopita nimeiona na picha yake ya muamala. Kikoba wameona ule mstari na mwenyekiti akapiga simu kwanza kuhakikisha ni mimi kweli kabla hawajatuma hela, nimempenda sana kwa hilo.

#29 FundiKava
Safi sana dada. Mwenyekiti wenu apewe soda. Ule mstari wa WhatsApp unasema namba imebadilika, hausemi ni nani ameshika simu, kwa hiyo mweka hazina akibadili namba watu wapige simu wasikie sauti. Kingine, chukua bakapu MPYA leo hii, kwa sababu ile ya asubuhi umeichukua ukiwa na namba ya zamani. Simu ikiibiwa kesho utaingia na namba mpya, na ile ya zamani haitakuja.

#30 MamaVitenge
Nachukua sasa hivi. Asante kaka.

#31 BintiPwani
Na stetasi?

#32 MamaVitenge
Wee acha, imekuwa kama ulivyosema. Vitenge vya waksi vipya nimeviweka tangu saa tatu, walioona ni ndugu na watu wa kikoba.

#33 BintiPwani
Nilichofanya mimi, niliacha brodikasti nikaenda chati moja moja kwa wateja wanaonunua kila mara, siyo wote. Ujumbe mfupi tu, fulani wa madera, hii ndiyo namba yangu sasa, iseivu uendelee kuona mzigo stetasi. Usibandike uleule kwa watu mia kwa mpigo, andika kwa mkono unavyomwandikia mtu unayemjua. Anayejibu nilikuwa namtumia picha ya mzigo mmoja hapohapo ili asinisahau. Walirudi kidogokidogo, wengine mpaka leo hawajarudi.

#34 MtuWaMaskati
Kwa hesabu hiyo mfanyabiashara bora asibadili namba kabisa, alipie laini ya zamani maisha.

#35 DadaWaMwanza
Laini siyo yake kwa usajili, umesoma #1?

#36 KipwaEldy
Swali langu sasa. Yule mwalimu wa kwaya aliyekuwa na hii namba yangu, kama angebadili kwa Change number mimi nisingeingia kwenye magrupu yake?

#37 FundiKava
Usingeingia. Akaunti ya namba ya zamani ingefutwa na magrupu yangekwenda na yeye, wewe ungepata namba tupu. Angefuta pia ungepata tupu. Tatizo ni kuiacha tu. WhatsApp wana utaratibu kwamba akaunti isipotumika siku 45 halafu namba ikawashwa kwenye simu nyingine, wanafuta ile picha na maelezo ya zamani wakijua namba imepata mwenyewe mpya, na akaunti isiyotumika kabisa inafutwa baada ya siku 120. Inaonekana mwalimu wako alikuwa bado anaitumia kwa waifai muda wote huo.

#38 KipwaEldy
Hiyo inaingia akilini, kwa sababu siku nilipoweka watu walisema ametuma meseji asubuhi yake.

#39 JumaMbagala
Fundi, kuna bro wangu alifuta WhatsApp wiki hii na namba ni ileile. Google hakuna kitu, ila kwenye simu kule Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Databases kuna faili la msgstore lenye crypt14 mwishoni. Hilo si linarudisha?

#40 KipwaEldy
Mimi rafiki yangu lilirudisha.

#41 BintiPwani
Binamu yangu lilikataa, lilimwambia haiwezekani kurudisha chati, na faili lilikuwepo kubwa tu.

#42 FundiKava
Juma, alifuta AKAUNTI pale ndani ya Settings au aliiondoa apu tu kwenye simu? Hivyo ni vitu viwili mbali kabisa na ndiyo maana hawa wawili hapo juu wana majibu tofauti. Kama ameiondoa apu tu akaunti bado ipo, aiweke tena na namba yake na akubali kurudisha, nina matumaini. Kama amefuta akaunti sitaki kumdanganya, lile faili limefungwa kwa ufunguo unaotokana na akaunti. Anakili faili pembeni kwanza kabla hajagusa chochote, bakapu mpya ikijichukua usiku inaweza kulifunika. Picha azitafute kwenye folda ya Media palepale, hizo hazijafungwa.

#43 JumaMbagala
Anasema "nilibonyeza kwa muda mrefu ile alama ya kijani nikaivuta juu ikapotea".

#44 FundiKava
Basi ameiondoa apu tu. Mwambie anakili faili kisha aiweke upya, na laini yake iwe kwenye simu apokee kodi.